Reti ikipanda, kwa nini maparachichi yanapitwa na mashine ya alizeti

"Shikamoo Dokta. Lile swali la miradi miwili nimelifanya, kwa asilimia 8 maparachichi ndo yanashinda, kwa asilimia 16 inashinda mashine ya alizeti. Nimerudia mara kadhaa majibu ni yale yale. Hela zinazoingia hazijabadilika hata shilingi, sasa inakuwaje mradi uliokuwa wa kwanza unageuka wa pili? Na mtu akiniuliza upi bora nimjibu nini?"

Marahaba. Mahesabu yako yapo sawa, usiyarudie tena. Tatizo lako liko sehemu nyingine, wewe unaiona reti ya punguzo, yaani ile asilimia tunayotumia kuirudisha hela ya miaka ijayo kwenye thamani yake ya leo, kama makato ambayo kila mradi unakatwa kwa kiasi kile kile, kwa hiyo ikipanda unategemea wote washuke pamoja na aliyekuwa mbele abaki mbele. Reti haikati hivyo. Inakata kulingana na muda, hela ya karibu inaguswa kidogo na hela ya mbali inaliwa sana, na hii miradi yako miwili hela zake zimekaa kwenye miaka tofauti kabisa.

Ngoja niziweke namba hapa ili na wenzako wakisoma waelewe tunaongelea nini. Miradi yote miwili inataka mtaji wa shilingi milioni 10 leo na yote tunaifunga mwaka wa 5. Mashine ya kukamua alizeti pale Singida inaanza kulipa mapema, mwaka wa kwanza inaingiza milioni 5, wa pili 4, wa tatu 3, wa nne 2, wa tano 1, inashuka kwa sababu mashine inachoka na wakamuaji wengine wanaongezeka, na ile 1 ya mwisho humo humo kuna hela ya kuiuza mashine yenyewe. Shamba la maparachichi la Njombe mwaka wa 1 na wa 2 halitoi kitu, miche ya Hass iliyobebeshwa inaanza kuzaa ya kueleweka kama mwaka wa 3, kwa hiyo tumeweka milioni 3 mwaka wa 3, milioni 7 mwaka wa 4, halafu milioni 9 mwaka wa 5 ambayo ni mavuno pamoja na kuliuza shamba. Gharama za palizi na umwagiliaji za miaka ya mwanzo tulishazihesabu ndani ya ile milioni 10. Namba nilizitunga kwa ajili ya darasa ila mtiririko wake ndo huo wa biashara zenyewe, mashine inalipa haraka na kuchoka, mti unachelewa halafu unalipa kwa nguvu.

Bila punguzo lolote mashine inakuachia milioni 5 juu ya mtaji na maparachichi yanakuachia 9. Kwa asilimia 8 ulipata mashine milioni 2.59, maparachichi milioni 3.65. Kwa asilimia 16 mashine milioni 0.79 na maparachichi milioni 0.07, yaani kama elfu sabini tu, karibu na bure. Sasa usiangalie nani yuko juu, angalia kila mmoja ameanguka kiasi gani. Mashine imepoteza kama milioni 1.8. Maparachichi yamepoteza kama milioni 3.6, mara mbili yake. Yote yameshuka, ila moja limeshuka kwa kasi mara mbili ya mwenzake, ndo maana njiani yakapishana.

Kwa nini kasi mara mbili? Chukua shilingi moja tu uifuatilie. Shilingi ya mwaka wa 1 kwa asilimia 8 thamani yake ya leo ni 0.926, kwa asilimia 16 ni 0.862, imepoteza kama asilimia 7 ya thamani yake. Shilingi ya mwaka wa 5 kwa asilimia 8 ni 0.681, kwa asilimia 16 ni 0.476, hiyo imepoteza asilimia 30. Reti ni ile ile na imepanda kwa kiasi kile kile, ila ya mwaka wa 5 unaigawa kwa 1.16 mara tano na ya mwaka wa 1 unaigawa mara moja. Hilo ongezeko la reti linajirudia kila mwaka ambao hela iko njiani. Hela ya mwaka wa kwanza inakutana nalo mara moja tu na kupita.

Sasa rudi kwenye miradi. Kwenye mashine, milioni 9 kati ya 15 zinaingia miaka miwili ya mwanzo, huko makali ya reti hayajafika vizuri. Kwenye maparachichi, milioni 16 kati ya 19 ziko mwaka wa 4 na wa 5. Kuna kitu kwenye hizi namba ambacho darasani sikupata muda wa kukionyesha na ningependa ukikague mwenyewe: ile milioni 9 ya mwaka wa 5 ya maparachichi kwa asilimia 8 ina thamani ya leo ya milioni 6.13, kwa asilimia 16 ina milioni 4.29. Imepotea milioni 1.84. Yaani huo mwaka mmoja wa mwisho wa maparachichi umepoteza zaidi ya ilichopoteza mashine nzima kwa miaka yake yote mitano! Ukishaona hivyo mshangao wa miradi kubadilishana nafasi unaisha, mradi ambao utajiri wake uko mwishoni ndo unaobeba mzigo reti ikipanda.

Hiyo ni hesabu. Lakini nadhani ulichouliza hasa ni kwamba hela hazijabadilika, kwa hiyo kitu gani kimebadilika kwenye dunia halisi. Hapa ndo wanafunzi wengi wanaishia kwenye fomula tu na mimi sitaki uishie hapo.

Kilichobadilika ni kazi ambayo hela ya mapema inaweza kukufanyia. Kumbuka reti ya punguzo sio namba ya kwenye swali tu, ni kile ambacho hela yako ingepata kama ungeiweka sehemu nyingine yenye hatari kama hiyo hiyo, au ni riba unayoacha kulipa ukipunguza mkopo. Ukichukua mashine badala ya maparachichi, mwaka wa 1 unakuwa na milioni 5 mkononi ambayo mwenye maparachichi hana, mwaka wa 2 una milioni 4 nyingine ambayo hana. Mwaka wa 3 mko sawa, kila mmoja anapokea 3. Halafu upepo unageuka, mwaka wa 4 mwenye maparachichi anakuzidi milioni 5, mwaka wa 5 anakuzidi milioni 8. Kwa hiyo swali la upi bora linapungua na kuwa dogo sana: hizo 5 na 4 za mapema, ukizifanyisha kazi mpaka mwaka wa 5, zitafika wapi ukilinganisha na 5 na 8 za mwishoni?

Tufanye kwa asilimia 8. Milioni 5 ya mwaka wa 1 ina miaka minne ya kukua, inafika milioni 6.80. Milioni 4 ya mwaka wa 2 ina miaka mitatu, inafika 5.04. Jumla 11.84. Upande wa maparachichi, ile 5 ya mwaka wa 4 inakua mwaka mmoja inakuwa 5.40, ongeza 8, jumla 13.40. Maparachichi yameshinda, na kinachoyapa ushindi ni kwamba nje huko hela inazaa asilimia 8 tu, kuiwahi mapema hakukusaidii kiasi cha kufikia kile mti unachokulipa kwa kusubiri.

Sasa asilimia 16. Ile 5 inafika 9.05, ile 4 inafika 6.24, jumla 15.30. Maparachichi: 5 mara 1.16 ni 5.80, ongeza 8, ni 13.80. Mashine imeshinda. Mti haujabadilika, mavuno ni yale yale, bei ni zile zile, ila sasa mwenye mashine hela yake ya mapema ana pa kuipeleka penye malipo mazuri, au ana mkopo wa asilimia 16 ambao kila shilingi anayoirudisha mapema inamwokolea asilimia 16 kila mwaka. Kusubiri kumekuwa ghali. Unaona kwamba hatujaugusa mradi wowote, tumegusa dunia inayouzunguka, na uzuri wa mradi siku zote unapimwa dhidi ya hiyo dunia.

Kutoka hapo unaweza kutafuta ile reti ambayo yote miwili inalingana. Toa mtiririko wa mashine kwenye mtiririko wa maparachichi: mwaka 0 unabaki na sifuri, mwaka wa 1 hasi 5, wa 2 hasi 4, wa 3 sifuri, wa 4 chanya 5, wa 5 chanya 8. Huo ni kama mradi wa tatu ambao ndani yake unatoa milioni 9 na baadaye unapokea 13, na ni mradi wa kweli kabisa, ndo huo unaoununua ukiamua kuacha mashine na kwenda Njombe. Tafuta reti yake ya ndani, yaani ile reti inayofanya faida yake kwa thamani ya leo iwe sifuri, utapata kama asilimia 12.3. Hapo miradi yote miwili inakupa kama milioni 1.56. Ukiwa chini ya 12.3 kusubiri kunalipa kuliko gharama ya hela yako, chukua maparachichi. Ukiwa juu, chukua mashine. Mmarekani Irving Fisher aliielezea njia hii ya kuangalia tofauti kati ya miradi miwili mwaka 1930, na mpaka leo hii reti ya makutano wengine wanaiita kwa jina lake.

Kwenye Excel, mwaka 0 mpaka wa 5 ukiuweka mstari wa 2 mpaka wa 7, mtaji wa mwaka 0 ukiuandika hasi 10, mashine safu B, maparachichi safu C, na safu D ikiwa C kutoa B:

```
=NPV(16%,B3:B7)+B2
=NPV(16%,C3:C7)+C2
=IRR(D2:D7)
```

Angalia B2 iko nje ya mabano. Watu wengi wanaiingiza ndani wanaandika B2:B7, na Excel inachukulia ile namba ya kwanza kama imetokea mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo kila kitu kinapunguzwa mwaka mmoja wa ziada. Mshindi hatabadilika ukikosea hivyo, ndo maana kosa linapita bila kuonekana, ila majibu yote yanakuwa madogo kuliko ukweli. Utaligundua hivi: weka reti 0% jibu litakuwa sawa, weka 16% halafu zidisha jibu lako kwa 1.16, ikitokea ndo jibu la mwenzako basi mmoja wenu ameingiza mwaka 0 ndani.

Sasa kuna mtego ambao najua unakuja kwa sababu kila mwaka unakuja. Utatafuta reti ya ndani ya kila mradi peke yake, utapata mashine kama asilimia 20.3 na maparachichi kama 16.2, halafu utasema si basi mashine ni bora siku zote, mbona Dokta anazungusha. Hapana. Ile 20.3 inakwambia reti ikifika hapo mashine inaishiwa faida, haikwambii kwenye asilimia 8 inakuachia kiasi gani. Kwenye asilimia 8 mashine ina 2.59 na maparachichi 3.65, mwenye hela ya asilimia 8 akichagua mashine kwa sababu ya ile 20.3 ameacha zaidi ya milioni moja mezani. Mashine inalipa kwa kasi kubwa ila kwenye hela ambayo inarudi mapema na kukaa bila kazi, au kwenda kwenye kazi ya asilimia 8. Reti ya ndani inayoamua kati ya miradi hii miwili ni ile ya tofauti, 12.3, hizo nyingine mbili kwenye swali la kuchagua mmoja haziamui kitu.

Na usije ukaenda na sheria kwamba reti ikipanda mradi mfupi ndo unashinda. Kupishana kwa aina hii kunatokea pale tu mrefu una jumla kubwa zaidi na mfupi unalipa mapema zaidi. Kama mashine ingekuwa inalipa mapema na jumla yake pia ni kubwa, ingekuwa juu kwenye kila reti na hakuna makutano. Kuna kesi pia zinapishana mara mbili, mfano mgodi ambao mwishoni unadaiwa hela nyingi za kufukia mashimo na kurudisha ardhi, pale mtiririko wa tofauti unabadilika alama zaidi ya mara moja na Excel inaweza kukupa jibu moja ikakuficha lingine. Ukiona alama zinageuka mara mbili chora mstari wa kila mradi kwenye grafu kwa reti tofauti tofauti, usiamini namba moja.

Kitu cha mwisho, na hiki kwa wanaofanya kazi ya kuchambua miradi kweli ndo kinaumiza zaidi. Jiulize reti imepanda kwa sababu gani. Kuna kupanda kwa sababu hela imekuwa adimu na ghali, na kuna kupanda kwa sababu bei za vitu zinapanda tu. Tuseme ile kutoka 8 mpaka 16 yote imetokana na mfumuko wa bei wa kama asilimia 7.4 kwa mwaka, na parachichi nalo linapanda bei kwa kasi hiyo hiyo. Basi ile milioni 3 ya mwaka wa 3 itakuwa kama 3.72, ile 7 itakuwa kama 9.3, ile 9 kama 12.9. Zipunguze kwa asilimia 16 utarudi kwenye ile ile 3.65 uliyoipata kwa asilimia 8, fanya na mashine vile vile itarudi 2.59, na maparachichi yanabaki wa kwanza. Mshindi hajabadilika kabisa! Kosa linalofanyika ni mtu kuchukua reti ya benki ambayo ndani yake mfumuko wa bei umeshaingia, halafu mavuno anayaandika kwa bei ya leo kwa miaka yote mitano. Hapo anaukata mradi mrefu kwa kitu ambacho hakijatokea, na miradi ya miti, mabwawa, barabara, inakataliwa kwa makaratasi kwa sababu hiyo tu. Ukipewa ripoti angalia safu ya bei, kama bei ya kilo ni ile ile mwaka wa 1 mpaka wa 5 na reti ni ya benki, rudisha ripoti kwa mwenyewe.

Angalia Kenya. Benki Kuu yao ilikuwa na reti ya asilimia 7 mpaka Mei 2022, ikaanza kupandisha, Februari 2024 ikafika asilimia 13. Mfumuko wa bei nao ulipanda, Oktoba 2022 ulifika asilimia 9.6, lakini baada ya hapo ukashuka huku reti ikiendelea kupanda. Hiyo sehemu ya pili ndo ya kuitazama, pale huwezi kusema reti imepanda kwa sababu ya bei, hela yenyewe ndo imekuwa ghali. Mkulima wa Murang'a aliyekuwa anapiga hesabu ya maparachichi kwa mkopo mwanzoni mwa 2022 na mwenzake aliyepiga mwanzoni mwa 2024 wanaweza wakawa na shamba la aina moja, miche ya aina moja, na wakatoka na majibu tofauti, na wote wawili wakawa sahihi. Na aliyeshapanda mwaka 2022 hatakiwi kung'oa miti kwa sababu reti imepanda, mtaji wake umeshaingia ardhini, kwake swali sasa ni hela zilizobaki mbele dhidi ya atakachopata akiuza shamba leo.

Kwa hiyo mtu akikuuliza upi bora, muulize kwanza hela yake inamgharimu kiasi gani. Kama ni mkopo wa benki zetu hapa, ambao wastani wake unazungukia asilimia 15, hiyo tayari imezidi 12.3 na mashine ndo jibu, maparachichi kwenye 15 yanabaki na faida ila ndogo. Kama ni hela yake mwenyewe ambayo vinginevyo angeiweka sehemu inayompa asilimia 9 au 10, mpeleke Njombe. Akiwa karibu na 12, usimpe mshindi, mwambie tofauti ni ndogo kuliko kosa linaloweza kuwemo kwenye makadirio ya mavuno, kwenye 12 kamili tofauti ni kama elfu sitini na nne tu kwenye mtaji wa milioni 10, na hapo aangalie mambo mengine, soko la kuuzia, nani atakuwa analilinda shamba, mashine ikiharibika fundi yuko wapi.

Kwenye kitabu chako cha majibu andika hiyo 12.3 kabla ya kuandika jina la mradi wowote. Na kwa ajili ya semina ya wiki ijayo, sogeza mavuno ya maparachichi mwaka mmoja mbele, yaani 3 iingie mwaka wa 4, 7 mwaka wa 5, 9 mwaka wa 6, mashine iache ilivyo, halafu uniletee reti mpya ya makutano. Itakuwa chini ya 12.3, nataka unieleze kwa maneno yako imeshuka kiasi hicho kwa nini.